Kansa ya tezi dume hufikaje mgongoni? Jibu kwa kijana aliyeilaumu sindano

Swali niliulizwa kwenye korido, na kijana aliyeniuliza alikuwa ameikunja bahasha ya eksrei ya baba yake mpaka imepasuka pembeni. "Daktari, mzee alikuja hapa akitembea vizuri. Mkamchoma sindano huko chini, mkatoa vipande. Sasa mnasema kansa iko mgongoni. Si ni nyinyi mmeisambaza?"

Mimi ni daktari wa patholojia hapa Kisumu. Kazi yangu ni ya darubini na vioo, na ni nadra kukutana na ndugu wa mgonjwa ana kwa ana. Lakini swali hili nalisikia kila mahali, matangani na hata ndani ya matatu: kansa ikiguswa na chuma, inasambaa. Yule kijana alistahili jibu refu kuliko nililompa siku ile nikiwa nimesimama, kwa hiyo naliandika hapa. Habari za mzee nimezibadilisha kidogo ili asitambulike.

Mzee ana miaka 68 na analima mpunga upande wa Ahero. Kiuno kilianza kumuuma miezi mitano kabla hajatufikia. Kliniki aliyoianzia ilimpima brusela mara mbili na kumpa dawa za brusela, kisha vidonge vya maumivu, kisha mafuta ya kuchua. Hakuna aliyemuuliza kama maumivu yanamwamsha usiku. Mgongo uliochoshwa na kuinama shambani hupata nafuu mtu akijilaza, ila wake ulimwamsha saa tisa za usiku na kumkalisha kitandani hadi jogoo awike. Mkojo nao ulikuwa unatoka kwa kusuasua, lakini hilo wanaume wa umri wake hulichukua kama sehemu ya uzee. Alipofika kwetu, kipimo cha damu cha PSA kilisoma 412, wakati maabara nyingi huweka kikomo cha kawaida kwenye 4. Sindano ya biopsi ilikuja baada ya hapo. Yaani mgongo ulikuwa umeuma miezi mitano kabla ya chuma chochote kumgusa.

Biopsi ya tezi dume huniletea vipande 12 vyembamba kama uzi wa kushonea, kila kimoja kama sentimita moja na nusu. Vya mzee, kumi vilikuwa na kansa. Katika kimoja nilikutana na kitu ambacho hunisimamisha kila mara: kifereji chembamba chenye ukuta wa safu moja tu ya seli, na ndani yake kifungu cha seli saba au nane za kansa zimeshikana, viini vyao vikubwa na vyeusi. Zilikuwa safarini. Tulizikamata zikiwa ndani ya mfereji, kama abiria waliopigwa picha stendi.

Zilifikaje humo? Seli za kawaida za tezi zimegandamana kwa protini zinazofanya kazi ya gundi. Seli ya kansa hupunguza gundi hiyo, hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha utando ulio chini yake, halafu hujipenyeza hadi kwenye mfereji ulio karibu. Mifereji ya limfu ndiyo rahisi zaidi kuingilika, kwa sababu ukuta wake una mianya ya kupitisha maji yanayobaki kwenye nyama za mwili. Seli ikiingia huko hukwama kwanza kwenye tezi za limfu za nyonga. Ikipita, hupanda na mfereji mkuu wa limfu unaomwaga maji yake kwenye mshipa wa damu chini ya mtulinga wa kushoto. Ndiyo maana daktari makini hugusa shingo ya mgonjwa juu ya mtulinga huo hata kama malalamiko ni ya tumbo au mkojo. Kwa vyovyote, limfu nayo huishia kwenye damu.

Ila kwa mzee kuna njia nyingine ya mkato. Mwaka 1940 mwanaanatomia wa Marekani, Oscar Batson, aliingiza rangi kwenye mshipa wa uume wa maiti. Mtu angetarajia ipande kwenye mshipa mkubwa wa tumbo kuelekea moyoni na mapafuni. Badala yake aliikuta kwenye mifupa ya nyonga na pingili za mgongo. Kuna wavu wa vena unaozunguka uti wa mgongo kuanzia nyonga hadi kichwani, na vena hizo hazina vile vilango vinavyozuia damu kurudi nyuma. Kwa hiyo damu humo huenda upande wowote kutegemea msukumo. Ukikohoa, ukijikamua chooni au ukiinua gunia, shinikizo la tumbo hupanda, na sehemu ya damu ya nyonga husukumwa kwenye wavu huo. Seli iliyotoka kwenye tezi dume inaweza kufika kwenye pingili ya kiuno bila kuyaona mapafu kabisa.

Hilo ni jibu la barabara, na ni la kweli. Kansa ya utumbo mpana, kwa mfano, hupenda ini kwa sababu damu ya utumbo hupitia ini kwanza. Kama barabara ingekuwa kila kitu, ningeishia hapa. Tatizo ni wengu. Wengu hupata damu nyingi, lakini uvimbe uliosambaa hauoti humo kwa urahisi. Mwaka 1889 daktari wa upasuaji wa London, Stephen Paget, alikusanya taarifa za wanawake 735 waliofariki kwa kansa ya matiti. Ini lilikuwa na uvimbe kwa 241. Wengu, 17 tu. Akasema mbegu hubebwa kila upande, lakini huota pale tu udongo unapoikubali.

Sisi wa kando ya ziwa tuna mfano wa karibu. Upepo hulisukuma gugumaji huku na kule, lakini linapoota na kuziba maji ni kwenye ghuba zilizotulia, zenye rutuba iliyoletwa na mito kama Nyando. Pwani yenye mawimbi hulipokea, na halistawi.

Sasa turudi kwa sindano. Mwaka 1970 mtafiti wa kansa, Isaiah Fidler, alizitia seli za kansa alama ya mnururisho, akazichoma kwenye mishipa ya panya na kuzihesabu. Baada ya siku moja iliyobaki hai ilikuwa chini ya seli 1 kati ya 100. Damu si mahali pazuri kwa seli ya kansa. Upana wake ni karibu mara mbili ya chembe nyekundu ya damu, kwa hiyo hubanwa na kupasuka kwenye mishipa midogo, na kinga ya mwili huiwinda. Ushahidi ulionisadikisha zaidi ni wa binadamu. Miaka ya 1980 kulikuwa na wagonjwa wa kansa waliojaa maji tumboni, wakawekewa mrija wa kuyarudisha maji hayo kwenye mshipa wa shingo ili wapate nafuu ya kupumua. Maji yale yalikuwa na mamilioni ya seli hai za kansa, zikiingia kwenye damu mchana na usiku. Walipofariki na kuchunguzwa, wapo ambao viungo vya mbali havikuwa na uvimbe mpya hata mmoja, na kwa wengine ulikuwa mdogo usiokuwa na madhara yaliyoonekana. Kama mamilioni kila siku hayakutosha, zile chache zinazoweza kusukumwa na sindano ya biopsi si habari ya kumnyima mtu usingizi. Zipo kansa chache, kama ya ini, ambazo seli zinaweza kuota kwenye njia ya sindano yenyewe, na madaktari hulizingatia hilo wanapopanga. Kwa tezi dume ni nadra sana.

Basi mfupa una nini? Ndani ya pingili, nyonga, mbavu na vichwa vya mapaja kuna uboho mwekundu unaotengeneza damu. Mishipa yake ni mipana, damu hupita polepole, na kuta zake zina mianya. Tena seli za uboho hutoa kemikali ya kuziita nyumbani seli mama za damu, na seli za kansa ya tezi dume hubeba kipokezi cha mwito uleule. Hukaribishwa kwenye kitanda cha mtu mwingine. Nyingine hulala humo miaka bila kugawanyika. Zikiamka, hutuma ujumbe kwa seli zinazojenga mfupa, nazo hujenga ovyo, na mfupa unaojengwa hutoa virutubisho vinavyozikuza seli za kansa. Kansa ya matiti mara nyingi hufanya kinyume: huamsha seli zinazobomoa, na mfupa hutoboka. Ya tezi dume huugeuza mfupa kuwa mzito na mweupe, lakini mweupe dhaifu, kama ukuta uliojengwa usiku bila fundi.

Ndicho kilichokuwa ndani ya ile bahasha. Pingili ya nne ya kiuno ilikuwa nyeupe kama chaki, na nyonga ilikuwa na madoa. Ikumbukwe kwamba eksrei huchelewa kuonyesha mabadiliko haya, kwa hiyo eksrei safi haimalizi hoja kama maumivu ya usiku yanaendelea.

Hiyo haikuwa "kansa ya mifupa", ingawa ndivyo kijana alivyowaambia watu nyumbani. Ni kansa ya tezi dume inayoishi mfupani, na bado inategemea homoni ya kiume. Daktari wa upasuaji Charles Huggins alionyesha mwaka 1941 kwamba ukiipunguza homoni hiyo, ugonjwa hurudi nyuma hata mifupani. Mzee alipewa nafasi ya kuchagua: kutolewa korodani au sindano ya kila miezi mitatu. Alichagua sindano. Hapo kuna mtego. Aina hiyo ya sindano huipandisha homoni kwa wiki moja au mbili kabla ya kuishusha, na uvimbe ulio karibu na ugwe mgongo unaweza kuvimba na kuubana. Kwa hiyo alianzishiwa kwanza vidonge vinavyoziba mlango wa homoni kwenye seli, na kijana akaambiwa waziwazi: miguu ikilegea, ganzi ikishika sehemu za kukalia, au mkojo ukigoma, mlete usiku huohuo, usingoje kliniki ya Jumatatu. Mgonjwa anayefika akitembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Aliyefika amebebwa, mara nyingi miguu hairudi.

Baada ya miezi mitatu PSA ilikuwa 9 na mzee alikuwa analala hadi asubuhi. Kijana alirudi na picha mpya, amekunja uso, maana pingili ilionekana nyeupe kuliko mwanzo na kulikuwa na doa jipya ubavuni. Nilimwambia mfupa unaopona nao hujijenga upya, na huonekana mweupe zaidi kwenye picha za miezi ya mwanzo, kwa hiyo picha hiyo peke yake haisemi kwamba ugonjwa umeongezeka. PSA imeshuka, maumivu yamekwisha, na picha itarudiwa baada ya miezi mitatu mingine. Safari hii bahasha aliishika bila kuikunja.