Fundi gata hakuchelewesha mradi: namna ya kuandika ripoti ya tafakuri

Kila mwisho wa muhula huwa nakaa na rundo la ripoti za tafakuri, zile ambazo mwanafunzi wa usimamizi wa miradi anaeleza mradi alioufanya na kuuhusisha na nadharia alizosoma darasani. Kinachozipunguzia alama mara nyingi si lugha, wala si uchache wa nadharia. Ni kwamba nadharia na tukio hukaa ndani ya aya moja kama abiria wawili wa daladala: wamebanana, lakini hawasemeshani.

Nitatumia mfano mmoja tu hadi mwisho. Nimeuunda kwa kuchanganya ripoti kadhaa ili asiwepo mtu wa kutambulika, ila hakuna kipande chake ambacho sijawahi kukutana nacho.

Wanafunzi watano walifunga mfumo wa kuvuna maji ya mvua kwenye shule ya msingi. Kulikuwa na simtanki la lita 5,000, gata za upande mmoja wa paa, na kitako cha zege cha kukalishia tangi. Walipanga siku 20, wakamaliza siku ya 23. Kiongozi wa kundi akaandika hivi kwenye rasimu yake ya kwanza:

“Tulipata changamoto ya mawasiliano, na fundi gata alichelewa siku nne, jambo lililosababisha mradi kuchelewa. Kwa mujibu wa Tuckman (1965), kila kundi hupitia hatua ya mivutano. Kundi letu pia lilipitia hatua hiyo. Nimejifunza kwamba mawasiliano ni muhimu katika mradi.”

Hebu ifanyie aya hii jaribio dogo. Futa sentensi mbili zinazomhusu Tuckman, kisha soma upya. Kuna kilichopungua? Hakuna. Fundi alichelewa, mradi ukachelewa, somo ni mawasiliano. Nadharia ikiondolewa na maelezo yakabaki vilevile, ujue ilikuwa kiraka. Na kiraka chenyewe hapa kimebandikwa pasipo tundu: Tuckman alieleza jinsi makundi madogo yanavyokua kwa hatua, na sehemu kubwa ya maandiko aliyoyapitia ilihusu makundi ya tiba ya kisaikolojia. Huenda watano hawa walivutana kweli, lakini aya haituonyeshi mvutano wowote. Inatuonyesha ratiba iliyopinda. Basi nadharia ya kuiendea ilikuwa ya ratiba.

Sasa tuangalie ratiba yenyewe. Barua ya ruhusa ilipewa siku 5, kununua vifaa siku 3, kujenga kitako siku 3, kumwagilia zege na kuliacha likomae siku 7, kupandisha tangi na kuunganisha mabomba siku 1, kupima uvujaji na kukabidhi siku 1. Kazi hizi zinasubiriana: huwezi kujenga bila vifaa, wala kupakia tangi la tani tano za maji juu ya zege bichi. Jumlisha, unapata siku 20. Kazi ya gata, siku 4, haikuwa kwenye foleni hiyo. Ilikuwa ianze siku ya 9, vifaa vikishafika, sambamba na kitako, na ilitakiwa tu iwe imekwisha kabla ya tangi kuunganishwa siku ya 19.

Mbinu ya kusoma ratiba kwa namna hii ilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya kampuni ya kemikali ya DuPont ya Marekani. Mimi darasani naiita mbinu ya njia ya lazima. Njia ya lazima ni ule mlolongo mrefu kuliko yote wa kazi zinazosubiriana. Ukichelewa siku moja, mradi wote unachelewa siku moja. Kazi zilizo nje yake zina siku za akiba. Gata zilikuwa na siku 10 za kufanya kazi ya siku 4, kwa hiyo zilikuwa na akiba ya siku 6.

Fundi alichelewa siku 4. Akaanza siku ya 13, akamaliza siku ya 16. Alikuwa bado ndani ya akiba yake. Kwa maneno mengine, fundi gata hakuuchelewesha mradi hata kwa saa moja.

Nilipomwuliza kiongozi siku ya 9 alifanya nini fundi alipokosekana, akafungua simu na kunionyesha ujumbe alioutuma kwenye kundi lao la wasapu saa mbili na robo asubuhi: “Wawili waache kitako waende mjini kutafuta fundi mwingine, hili la gata linatuumiza.” Hao wawili walizunguka, wakakosa fundi, wakarudi wakajaribu kufunga mabano ya gata wenyewe. Kitako kikabaki na watu watatu, kazi ya siku 3 ikachukua 6. Zege likaanza kukomaa siku ya 15 badala ya 12. Hapo ndipo zilipozaliwa siku tatu za kuchelewa, mikononi mwa mtu aliyekuwa akijitahidi kuuokoa mradi.

Hiki ndicho nadharia inachotakiwa kukifanya kwenye ripoti ya tafakuri: kukuonyesha kitu ambacho bila yenyewe usingekiona. Kabla ya njia ya lazima, mkosaji alikuwa fundi. Baada yake, tukio la kuchambua limehama kabisa. Limekuwa uamuzi wa asubuhi moja, na mwenye uamuzi ndiye anayeandika.

Kiongozi alikuwa na huo ujumbe wa wasapu. Asingekuwa nao, angeandika anachokumbuka leo, na kumbukumbu ya leo imeshapakwa rangi na anachokijua leo. Ndiyo maana nawasisitizia wanafunzi wawe na daftari la mradi tangu siku ya kwanza, mistari mitatu kwa siku: nini kimetokea, nimeamua nini, nilikuwa nadhani nini wakati huo. Mstari wa tatu ndio wenye thamani zaidi, na ndio unaorukwa. Risiti, picha za simu zenye tarehe na orodha ya mahudhurio pia husaidia. Ripoti inayosema “nilihisi wasiwasi” bila kusema ulikuwa wasiwasi wa nini, siku gani, inasomeka kama imeandikwa usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Mara nyingi ni kweli.

Kuna jambo la lugha ambalo Kiswahili hulifichua upesi. Chukua kalamu nyekundu, zungushia kila kitenzi kinachoanza na “tu-” na kila kinachoanza na “ni-”. Kwenye rasimu nyingi “tu-” zinajaa kama utitiri: tulipanga, tulichelewa, tulikosea. “Ni-” inajitokeza mwishoni kabisa, kwenye “nimejifunza”. Yaani makosa ni yetu sote, elimu ni yangu peke yangu. Baya zaidi ni umbo la kutendwa: “uamuzi ulifanywa”, “vifaa vilicheleweshwa”. Nani aliamua? Wanafunzi wengi wamefundishwa kwamba maandishi ya kitaaluma hayamtaji mwandishi, na kwa ripoti ya kiufundi utaratibu huo unakubalika. Kwenye tafakuri mwandishi ndiye anayechunguzwa, kwa hiyo andika “niliamua”. Wenzako watajwe kwa nafasi zao, mtunza fedha, msimamizi wa ujenzi, bila majina.

Hii hapa aya ya kiongozi baada ya kuiandika upya:

“Siku ya 9 fundi gata hakufika. Niliwatoa wenzangu wawili kwenye kitako wakatafute fundi mwingine. Wakati ule niliamini kila kazi iliyochelewa inachelewesha mradi. Nilipochora upya mtandao wa kazi niliona gata zilikuwa na akiba ya siku 6, na kitako kilikuwa kwenye njia ya lazima. Uamuzi wangu ulihamisha nguvu kutoka kazi isiyo na akiba kwenda kazi yenye akiba. Mchoro huo tulikuwa nao tangu juma la kwanza, sikuufungua. Nadhani ni kwa sababu mwalimu mkuu alikuwa akiuliza gata kila asubuhi, na hakuna aliyeuliza zege.”

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyonifurahisha, maana haikutoka kitabuni. Imeeleza kwa nini mtu mwenye mchoro sahihi mkononi anafanya kinyume chake: kazi inayopigiwa kelele humeza macho yote, na zege linakomaa kimyakimya.

Bado aya haijakamilika. Mwanafunzi anayetafuta alama za juu lazima pia aseme nadharia imemfikisha wapi na ikamwacha wapi. Njia ya lazima, kama inavyofundishwa mwanzoni, hupanga kazi kwa kuangalia ipi inasubiri ipi. Haisemi lolote kuhusu watu walewale kuhitajika sehemu mbili. Kwenye mchoro wa kundi hili gata na kitako zilionekana kazi mbili zisizogusana, kumbe ziliunganishwa na mikono ya wanafunzi watano. Mwaka 1997 Eliyahu Goldratt alitoa mbinu inayohesabu na watu na vifaa vinavyogombaniwa, si mpangilio wa kazi pekee. Hapo nadharia ya pili ina sababu ya kuingia: imeitwa na upungufu wa ya kwanza. Nadharia mbili za namna hiyo zinatosha ripoti ya maneno 1,500. Nikiona sita najua nitasoma orodha.

Kuhusu mpangilio, vyuo vingi hutumia mzunguko wa Gibbs wa mwaka 1988, wenye hatua sita: maelezo, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango wa baadaye. Ni ngazi nzuri, ila wanafunzi huigawa sawasawa, maneno 250 kila hatua, kama wanagawana mkate. Maelezo yasizidi robo ya ripoti, na uchambuzi uchukue karibu nusu. Hisia ziwe fupi, na zibaki tu zile zilizosukuma uamuzi. Wasiwasi wa kiongozi mbele ya mwalimu mkuu una kazi humo. Furaha yake siku ya makabidhiano haina.

Mpango wa baadaye ndio sehemu inayoharibika kwa urahisi zaidi. “Nitaboresha mawasiliano” hakuna anayeweza kuipima. Kiongozi wetu alianza hivyohivyo. Nikamrudishia mara mbili, na mara ya tatu akaleta hii: “Kabla ya kumhamisha mtu yeyote kutoka kazi moja kwenda nyingine, nitafungua mtandao wa kazi na kuandika kwenye daftari akiba ya kazi zote mbili. Ile anayotoka ikiwa na akiba sifuri, simhamishi bila kuwauliza wenzangu.”

Nilimwuliza tu atafanyaje siku ambayo mtandao wenyewe umepitwa na wakati. Akaongeza mstari mmoja: kila Jumatatu, kabla ya kazi kuanza, siku halisi zinaandikwa juu ya zilizopangwa.