Harufu ya ndizi kwenye chupa: yanayoaminiwa kuhusu esta, na yanayotokea kweli

Changanya mililita 15 za alkoholi ya isoamili na mililita 20 za asidi ya asetiki kali, ile ile inayoipa siki uchachu wake. Ongeza asidi ya sulfuriki kali kidogo kidogo, kama mililita 4 hivi, huku ukitikisa. Chemsha kwa saa moja chini ya kondensa ili mvuke urudi chupani. Utakachopata ni asetati ya isoamili, esta yenye harufu ya ndizi mbivu:

CH3COOH + C5H11OH ⇌ CH3COOC5H11 + H2O

Mmenyuko ni huo tu, mstari mmoja, lakini karibu kila alama iliyomo humo huwa inasomwa vibaya. Nitautumia huu mmoja mpaka mwisho.

Dhana: Esta ni kama chumvi, asidi hutoa H, alkoholi hutoa OH, maji yanapatikana.

Kosa hili lina mantiki, ndiyo maana halifi. Mwanafunzi ametoka kujifunza asidi na besi, anaona OH kwenye alkoholi, anaona maji upande wa kulia, anaunganisha. Lakini OH ya alkoholi si ioni. Imeshikamana na kaboni kwa kifungo imara, na alkoholi haigeuzi rangi ya litmasi.

Jibu lilipatikana mwaka 1938, pale Irving Roberts na Harold Urey walipotumia methanoli ambayo oksijeni yake ilikuwa na isotopu nzito, oksijeni-18, wakaiacha imenyuke na asidi ya benzoiki. Kama alkoholi ingetoa OH yake, oksijeni nzito ingeonekana kwenye maji. Haikuonekana humo, ilibaki kwenye esta. Kwa hiyo OH inayotoka ni ya asidi, na alkoholi hutoa H peke yake. Katika ndizi yetu, ile oksijeni inayounganisha pande mbili za molekuli ilikuja na alkoholi.

Dhana: Asidi ya sulfuriki ipo ili kunyonya maji, basi.

Kunyonya maji inanyonya, na hilo husaidia kidogo. Lakini kazi yake kubwa hufanyika mapema zaidi.

Iangalie molekuli ya asidi ya asetiki kwa karibu. Kaboni yake ya kundi la COOH imeshikwa na oksijeni mbili, moja kwa kifungo maradufu. Oksijeni huvuta elektroni, kwa hiyo kaboni hiyo ina upungufu kidogo, ila haujatosha kuivutia alkoholi, ambayo ni mvamizi mvivu. Asidi ya sulfuriki inapoipa protoni ile oksijeni ya kifungo maradufu, oksijeni huzidi kuvuta na kaboni hubaki na njaa ya elektroni. Hapo ndipo oksijeni ya alkoholi inapoingia. Kwa muda mfupi kaboni moja inakuwa imeshika oksijeni tatu. Kisha protoni inahama hadi kwenye OH mojawapo, na OH iliyopata protoni si OH tena, ni molekuli ya maji inayosubiri kuondoka. Inaondoka. Mwishoni kabisa esta inaachia protoni, nayo inarudi kuhudumia molekuli nyingine. Kwa kuwa protoni inarudi, matone machache yanatosha kuendesha kazi kubwa, na ndiyo sababu tunaiita kichocheo.

Sasa utaelewa kwa nini besi haifai badala yake. Ukitia hidroksidi ya sodiamu, itaipokonya asidi ya asetiki protoni na kuigeuza ioni hasi, ambayo haina njaa yoyote ya elektroni. Alkoholi itagonga mlango usiofunguliwa.

Dhana: Kichocheo kikiongezwa, esta itaongezeka.

Hapa ndipo watu wengi hupoteza vifaa na muda. Mishale ile miwili si pambo. Esta na maji nazo humenyuka kurudi nyuma, na protoni ile ile inayoharakisha kwenda huharakisha na kurudi. Kichocheo hukufikisha mapema kwenye msawazo, pale kasi ya kwenda na ya kurudi zinapolingana, lakini hakiusogezi. Bila kichocheo, katika joto la kawaida, ungesubiri muda mrefu sana, na mwisho wake ungekuwa karibu ule ule.

Mwisho wenyewe uko wapi? Marcellin Berthelot na Léon Péan de Saint-Gilles walilichunguza jambo hili mnamo 1862 kwa ethanoli na asidi ya asetiki. Wakianza na moli moja ya kila kimoja, mmenyuko ulisimama takriban theluthi mbili ya njia. Ni sawa na kusema kigezo cha msawazo, yaani wingi wa esta mara wa maji, ukigawanywa kwa wingi wa asidi mara wa alkoholi zilizobaki, ni karibu 4.

Tukichukua 4 hiyo kama makisio kwa ndizi yetu, mililita 15 za alkoholi ni kama moli 0.14, na mililita 20 za asidi ni kama moli 0.35, mara mbili na nusu. Ukipiga hesabu, alkoholi inayogeuka esta inapanda kutoka asilimia 67 hadi kama 88. Hakuna tone la ziada la kichocheo lililofanya hivyo. Ni wingi wa asidi ya asetiki. Na kwa nini tuzidishe asidi, si alkoholi? Kwa sababu asidi iliyobaki huoshwa kirahisi kwa bikaboneti ya sodiamu, ilhali alkoholi ya isoamili haipendi maji, itang'ang'ania kwenye esta. Wakati wa kuosha gesi hutoka kwa fujo, kwa hiyo fungua kizibo cha faneli ya kutenganishia kila baada ya kutikisa. Niliwahi kusahau mara moja. Kizibo kiliruka na nusu ya ndizi yangu ikaishia kwenye koti.

Ukizidisha sulfuriki kwa tamaa, mchanganyiko unaanza kuwa kahawia kisha mweusi, maana asidi hiyo ikipata joto hula alkoholi yenyewe. Rangi ya chai nyepesi ni kawaida. Weusi ni dalili kwamba umepitiliza.

Dhana: Ukisikia harufu ya ndizi, kazi imekwisha.

Pua hunasa esta hata ikiwa kidogo mno. Harufu inaweza kutokea dakika chache baada ya kupasha moto, wakati sehemu kubwa ya alkoholi bado ipo. Na kinyume chake, mchanganyiko uliokamilika unaweza kunuka siki tu, kwa sababu asidi iliyobaki inaifunika esta. Ndiyo maana kwenye jaribio la neli mchanganyiko humiminwa kwenye mmumunyo wa kaboneti ya sodiamu kabla ya kunusa: asidi inageuka chumvi isiyo na harufu, na esta inaelea juu kama mafuta. Punga mvuke kwa kiganja uelekee puani, usiinamie neli.

Ukitaka uhakika, kausha tabaka la juu na ulitoneshe. Asidi ya asetiki huchemka kwenye nyuzi 118, alkoholi ya isoamili kwenye 131, esta kwenye 142 hivi. Kipimajoto kikikaa muda mrefu karibu na 130, hiyo bado ni alkoholi, hata kama chumba kizima kinanukia ndizi.

Na usiifanyie kazi hii karibu na mizinga. Asetati ya isoamili ni miongoni mwa kemikali ambazo nyuki wa asali huziachia wanapochoma, kuwaita wenzao waje kushambulia.