Chujio lililorudi jepesi kuliko lilivyokwenda

Chujio lilitoka maabara kwetu hapa Tanga likiwa na miligramu 15.42. Lilikwenda kwenye chumba cha brashi cha kiwanda kimoja cha mkonge, pale ambapo singa zilizokauka husuguliwa kabla ya kufungwa marobota, na huko likashinda saa nane kwenye kola ya mfanyakazi. Pampu ndogo kiunoni mwake ilikuwa ikivuta lita 2 za hewa kwa dakika kupitia chujio hilo, ili tujue hewa anayoivuta ina vumbi kiasi gani. Liliporudi, vumbi lilionekana kwa macho, duara la kijivu katikati. Mizani ikasoma 15.11.

Vumbi lipo, uzito umepungua. Kijana aliyekuwa akipima alidhani mizani imeharibika, na si yeye wa kwanza kudhani hivyo.

Nieleze kwanza tunachopimia. Mizani ya kawaida ya maabara, inayoishia miligramu 0.1, haitoshi kwa kazi hii, kwa sababu vumbi la zamu nzima linaweza kuwa chini ya miligramu moja. Tunatumia ile inayosoma hadi miligramu 0.01, yenye vioo pande zote vya kuzuia upepo. Chujio lenyewe ni la plastiki ya PVC, upana milimita 37, jembamba kuliko karatasi ya daftari.

Mizani ikisema jambo lisiloaminika, iulize ikiwa tupu. Tuliondoa chujio, tukafunga milango, tukaangalia sifuri kwa dakika tano. Haikusogea. Tukaweka jiwe la mizani la miligramu 20, ikasoma 20.00. Ingekuwa sifuri nayo inatembea, tungeshuku mizani yenyewe, hasa baada ya umeme kukatika: mizani hizi huhitaji saa kadhaa kupata joto la kawaida tangu zinapowashwa, na muda huo wote namba huteleza taratibu. Siku hiyo umeme ulikuwepo tangu jana yake.

Tulikuwa pia na machujio matatu ya ulinganisho, ambayo yalisafiri hadi kiwandani na kurudi bila kuvutiwa hewa. Hayo yalikuwa yameongezeka miligramu 0.02, 0.00 na 0.03. Kwa hiyo unyevu haukuwa na kosa kubwa. Chujio linalokunywa unyevu huonekana: namba hupanda, mwanzoni haraka kisha polepole, haishuki. Na kitu kilichotoka sehemu ya joto huonekana chepesi, kwa sababu hewa iliyo karibu nacho hupata joto, hupanda na kukinyanyua kidogo. Kadiri kinavyopoa namba nayo hupanda. Ndiyo maana machujio hulala usiku kucha ndani ya chumba cha mizani kabla ya kupimwa.

Tukalirudisha lile chujio. 15.11. Baada ya dakika moja, 15.19. Kijana akasogeza mkono karibu na kioo ili asome vizuri, namba ikaruka hadi 15.04. Alipouondoa, ikarudi juu. Hapo mhalifu alikuwa amejitaja mwenyewe. Uzito haujui mkono uko wapi, umemetuli unajua.

Chujio lenye chaji huvutwa na kila kilicho karibu nalo. Sakafu ya mizani ikilivuta, namba huwa kubwa. Vioo vya pembeni na vya juu vikilivuta, namba huwa ndogo. Kwa hiyo kosa halina upande mmoja, na linaweza kufika miligramu nzima au zaidi. Linapungua polepole chaji inapovuja, ndiyo sababu namba ilikuwa ikipanda peke yake.

Watu huniambia Tanga ni pwani, hewa imejaa unyevu, umemetuli utoke wapi? Nje ni kweli. Lakini kiyoyozi hukausha hewa ya chumba, na muhimu zaidi, PVC haishiki maji juu ya uso wake, hivyo chaji inaweza kubaki saa nyingi hata hewa ikiwa na unyevu. Kulitoa chujio kwenye kasha lake la plastiki kunatosha kulichaji. Koti la poliesta nalo huongeza.

Dawa yake ni kifaa kinachotoa ayoni za chanya na hasi. Kipo kinachotumia umeme kwenye ncha za sindano. Kipo pia cha poloniamu-210, lakini hiki nguvu yake hupungua nusu kila siku 138, hivyo cha zamani hukaa mezani kama pambo, na kwa kuwa ni chanzo cha mionzi kinahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu. Sisi tuna cha umeme. Chujio hushikwa kwa kibanio cha chuma, likapitishwa taratibu mbele ya ncha, pande zote mbili, kisha moja kwa moja kwenye sahani. Tulipofanya hivyo tukapata 16.27, 16.28, 16.27. Mkono ukisogea, namba haitikisiki.

Je, vumbi ni 16.27 toa 15.42, yaani 0.85? Hapana, na hapa ndipo nilipogombana kidogo na wenzangu. Lile 15.42 la kwanza liliandikwa mara moja tu, bila kuondoa chaji. Huenda lilikuwa sahihi. Huenda lilikuwa na kosa lilelile. Chujio sasa lina vumbi, na uzito wake wa awali hauwezi kupimwa tena. Tuliitupa sampuli.

Katika mabishano hayo mtu mmoja alipendekeza tupimie chujio ndani ya kisahani cha kioo, ili lisivutwe ovyo. Wazo linavutia, ila linaleta hewa mlangoni. Kila kitu huinuliwa na hewa kinayoisukuma pembeni, kama mtumbwi unavyoinuliwa na maji, na hewa ina uzito wa karibu miligramu 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo. Chujio peke yake lina ujazo wa kama sehemu moja ya mia ya sentimita ya ujazo, hivyo huinuliwa kwa miligramu 0.013, na mabadiliko ya hewa ya siku nzima hayafiki hata tarakimu ya mwisho. Kisahani cha gramu 40 ni habari nyingine. Kina ujazo wa sentimita 16. Chuma cha uzito huo, kinachotumika kurekebishia mizani, kina 5 tu. Tofauti ni sentimita 11.

Sasa umeme ukatike, kiyoyozi kizime, chumba kitoke nyuzi 22 hadi 29. Hewa inakuwa nyepesi kwa karibu miligramu 0.028 kwa kila sentimita hizo. Mara 11, kisahani kinaonekana kimeongezeka miligramu 0.3, hata kama umerekebisha mizani upya. Hata bila joto kubadilika, kanieneo ya hewa katika ukanda wetu huwa juu kama saa nne asubuhi na chini kama saa kumi alasiri. Tofauti ya hektopaskali 3 inatosha kuleta miligramu 0.04. Chujio likae uchi juu ya sahani ya mizani.

Tulirudi kiwandani wiki iliyofuata. Safari hii kila chujio liliondolewa chaji na kupimwa mara tatu kabla ya kutoka na mara tatu liliporudi. Ongezeko lilikuwa 0.88. Tukatoa 0.02 ya machujio ya ulinganisho, ikabaki 0.86, kwenye lita 960 za hewa: miligramu 0.90 kwa mita ya ujazo.