"Myself" si "me" yenye adabu zaidi

"Please contact John or myself." Sentensi hii imezoeleka mno mwishoni mwa baruapepe za kazini, na mwenzake wa mwanzoni ni "John and myself attended the meeting." Wanaoziandika huamini wanaandika Kiingereza cha heshima.

"Myself" hurudi kwa "I" iliyokwisha kutajwa katika sentensi hiyohiyo, au huitilia mkazo. Hizo ni kazi mbili, na Kiswahili kimezitenganisha vizuri. Ya kwanza tumeipa -ji-: nimejikata, "I cut myself", mkataji na aliyekatwa ni mtu mmoja. Ya pili tumeipa "mwenyewe": niliiandika mwenyewe, "I wrote it myself", yaani sikuandikiwa. Kazi ya mkazo ndiyo kongwe. Katika Kiingereza cha Kale "self" lilikuwa neno la kukazia, na aliyejikata angeweza kutumia "me" peke yake. Baadaye "self" likagandamana na kiwakilishi, likabeba na kazi ya -ji-.

Sasa ipime "Please contact myself" kwa mizani hiyo. Ni sentensi ya kuamuru, kwa hiyo mtenda ni "you" hata kama hakuandikwa. Anayewasiliana ni wewe, anayetafutwa ni mimi, basi -ji- haina pa kukaa. Kinachoweza kurudi kwa "you" ni "yourself" tu. Je, ni mkazo? "Wasiliana na mimi mwenyewe" maana yake ni usipitie kwa msaidizi wangu. Mwandishi hakukusudia hivyo, maana hapohapo amemtaja John. Alitaka kusema "wasiliana nami", na hiyo ni "contact me".

Chanzo cha kosa ni hofu. Mwanafunzi husema "Me and John went", husahihishwa aseme "John and I", lakini haelezwi kuwa shida ilikuwa ni nafasi ya kiima. Hubaki akidhani "me" ni neno la utovu wa adabu. Akifika mwisho wa sentensi, "me" inamtisha na "I" inamtia shaka, kwa hiyo anakimbilia "myself", neno refu linalosikika rasmi.

Ni kweli kwamba waandishi wazuri wa Kiingereza wameandika "my wife and myself" kwa karne nyingi, na "people like myself" haimkeri karibu mtu yeyote. Lakini katika baruapepe fupi ya kazi hakuna kinachoongezeka ila ukungu.

Ukishikwa na shaka, mwondoe John kwanza. Hakuna anayeandika "Myself attended". Ataandika "I attended". Kisha mrudishe John mahali pake bila kugusa neno jingine: "John and I attended the meeting. Please contact John or me."