Kuahirisha Masomo kwa Sababu Mfadhili Amechelewa: Wanayoambiana Wanafunzi na Yalivyo Ofisini

Mpwa wangu alinipigia simu kutoka Ngara wiki ya tatu ya Septemba. Alikuwa ameingia mwaka wa pili, anasomea uhasibu, na karo yake hulipwa na wakfu mmoja uliomchukua tangu kidato cha tatu. Muhula uliopita wakfu ulikuwa haujatuma kitu. Chuo kilimruhusu kufanya mtihani kwa barua ya ahadi tu. Muhula mpya nao ukaanza, kimya. Potali ikawa inaonyesha deni la shilingi 96,000, yaani mihula miwili ya 48,000.

"Mjomba," akasema, "wenzangu wananiambia nikae tu nyumbani hadi pesa iingie. Si hiyo ndiyo kudifa?"

Nilifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mkuu wa kitivo kwa miaka tisa, hapa hapa Nairobi. Faili zilizoniumiza roho zaidi zilikuwa za vijana waliofuata ushauri kama huo.

Dhana: Ukiacha kwenda darasani kwa kukosa karo, umeahirisha masomo

Hapana. Kuahirisha ni ruhusa inayotolewa kwa maandishi, na mpaka itolewe, chuo kinakuhesabu kuwa uko masomoni. Mpwa wangu alikuwa amesajili kozi zake kwenye potali wiki ya kwanza. Angekaa nyumbani, majina ya kozi hizo yangebaki kwenye rekodi yake, Desemba mtihani ungefanywa, na mbele ya jina lake kungeandikwa kwamba hakuwepo. Vyuo vingi huhesabu kutokuwepo bila ruhusa kuwa ni kufeli. Vingine humwandika mwanafunzi wa namna hiyo kuwa ameasi masomo na kumwondoa kwenye orodha.

Nimewaona waliorudi baada ya mwaka, pesa mkononi, wakakuta hawana tena nafasi. Ilibidi waandike barua ya kuomba kurudishwa, ambayo ni ngumu kuliko ile ya kuahirisha kwa sababu sasa unaeleza kosa, huombi tu ruhusa. Hilo ndilo lililonifanya nimwambie mpwa wangu asikate simu kwanza.

Dhana: Potali ikionyesha deni, mfadhili hajalipa

Mara nyingi ni kweli, lakini thibitisha kabla ya kuandika lolote. Pesa za basari, hasa za maeneobunge na za kaunti, huja kwa hundi moja ya wanafunzi wengi, ikiwa na orodha ya majina, nambari za usajili na kiasi cha kila mmoja. Tarakimu moja ikikosewa kwenye nambari, pesa zinafika chuoni ila hazifiki kwenye akaunti yako. Nenda ofisi ya fedha na nambari ya hundi au tarehe ya malipo kutoka kwa mfadhili, uombe watafute. Nakumbuka kijana aliyekuja kwetu na barua ya kuahirisha tayari, kumbe basari yake ilikuwa imelala wiki sita kwenye akaunti ya mwanafunzi mwingine.

Kwa mpwa wangu hapakuwa na kosa la aina hiyo. Ofisi ya fedha haikupata kitu, na wakfu wenyewe ulikiri.

Dhana: Kuahirisha ndiyo njia ya kwanza pesa zikichelewa

Swali la kujiuliza ni moja: pesa zitafika kabla ya mtihani au baada yake? Zikitarajiwa kabla, omba kulipa kwa awamu au kuongezewa muda, na uendelee kusoma. Ofisi ya fedha hukubali maombi hayo ikiona barua ya mfadhili yenye tarehe.

Nasisitiza hili kwa sababu ya jambo ambalo wanafunzi huligundua wakiwa wamechelewa. Katika programu nyingi, kozi za muhula wa kwanza hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Anayeahirisha muhula wa Septemba akidhani atarudi Januari hukuta kozi alizoziacha hazipo hadi Septemba nyingine, na za Januari huenda zinahitaji awe amesoma zile za kwanza. Muhula mmoja hugeuka mwaka. Kabla ya kutia sahihi, muulize mwenyekiti wa idara kozi zako zitafundishwa tena lini, kisha uandike tarehe hiyo kwenye barua.

Wakfu ulimwandikia mpwa wangu kwamba pesa zao zingetoka mwisho wa Februari. Mtihani ulikuwa Desemba. Kwake, basi, kuahirisha kulikuwa na maana.

Dhana: Barua yenye uchungu mwingi ndiyo inayosikilizwa

Rasimu yake ya kwanza ilikuwa kurasa mbili. Mama mgonjwa, kodi ya nyumba, kulala njaa. Yote yalikuwa ya kweli na sikuyapuuza, lakini msajili hana uwezo wa kuamua kuhusu kodi ya nyumba. Anayeisoma barua hiyo anatafuta mambo machache: huyu ni nani, anaomba muhula gani, sababu ina ushahidi gani, atarudi lini, na deni lake litalipwaje. Akilazimika kuyatafuta ndani ya simulizi, barua inawekwa kando hadi mtu apate nafasi.

Tuliiandika upya. Barua hizi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, ingawa Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pia. Mpangilio wa mambo ni ule ule:

> Jina kamili
> Nambari ya usajili, programu, mwaka wa masomo
> Simu na baruapepe
>
> 24 Septemba
>
> Msajili (Masuala ya Kitaaluma)
>
> Kupitia kwa: Mwenyekiti wa Idara
> Kupitia kwa: Mkuu wa Kitivo
>
> Mheshimiwa,
>
> KUH: OMBI LA KUAHIRISHA MASOMO, MUHULA WA KWANZA, MWAKA WA PILI
>
> Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika programu iliyotajwa hapo juu. Naomba ruhusa ya kuahirisha masomo kuanzia muhula huu, na kurejea muhula wa kwanza wa mwaka ujao wa masomo, ambapo idara imethibitisha kuwa kozi zangu zitafundishwa tena.
>
> Karo yangu hulipwa kikamilifu na mfadhili. Malipo ya muhula uliopita na ya muhula huu yamechelewa, na mfadhili ameeleza kwa barua iliyoambatishwa kwamba atalipa mwishoni mwa Februari, baada ya mtihani wa muhula huu. Familia yangu haiwezi kulipa kwa sasa.
>
> Nina deni la shilingi 48,000 la muhula uliopita, ambalo mfadhili amekubali kulilipa. Naomba pia kozi nilizosajili muhula huu ziondolewe kwenye rekodi, pamoja na karo yake ya shilingi 48,000.
>
> Nimeambatisha barua ya mfadhili, taarifa ya karo na nakala ya kitambulisho cha chuo.
>
> Wako mwaminifu,
> (sahihi na jina)

Mistari ya "kupitia kwa" si mapambo. Msajili hutaka kuona maoni ya idara na ya kitivo kabla ya kuamua, na barua iliyopelekwa moja kwa moja kwake hurudishwa chini ianze safari upya. Kama chuo chako kina fomu ya kuahirisha, ijaze na uiambatishe barua hii.

Barua ya mfadhili nayo iwe na anwani yao, tarehe, jina lako na nambari yako ya usajili, kiasi na wakati wa malipo. Ujumbe wa simu uliopigwa picha haukubaliki. Wakfu ulipomtumia mpwa wangu barua isiyotaja tarehe ya malipo, tuliirudisha waiandike tena. Siku nne zilipotea, lakini bila tarehe hiyo ombi lisingekuwa na mguu wa kusimamia.

Dhana: Ukiahirisha, deni linafutika

Deni la muhula uliousoma linabaki. Linaloweza kuondolewa ni la muhula unaouacha, nalo linategemea siku uliyoomba. Kila chuo kina tarehe ya mwisho kwenye kalenda yake, kwa kawaida ndani ya wiki za mwanzo za muhula. Ukipeleka barua baada ya tarehe hiyo unaweza kukubaliwa kuahirisha na bado ukadaiwa karo yote au sehemu yake, kwa hoja kwamba ulikuwa umesajiliwa na nafasi yako ilishikwa.

Kwa mpwa wangu tarehe ilikuwa Ijumaa ya wiki ya tano, naye alipeleka wiki ya nne. Kwa hiyo 96,000 ilipaswa kushuka hadi 48,000. Nasema ilipaswa, kwa sababu ruhusa ya msajili haibadilishi hesabu za ofisi ya fedha yenyewe kwa yenyewe. Alilazimika kupeleka nakala ya barua ya kukubaliwa kule na kusubiri taarifa mpya ya karo.

Aliye na mkopo wa HELB aijulishe bodi pia, kwa barua ile ile ya kukubaliwa. Sehemu ya karo hutumwa chuoni na ya matumizi huja kwako, na pesa zilizotoka kwa muhula ambao hukusoma bado ni mkopo utakaodaiwa.

Dhana: Ukishapeleka barua, kazi imekwisha

Beba nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Muhuri huo ndio ushahidi kwamba uliomba kabla ya tarehe ya mwisho, barua ikipotea kati ya idara na kwa msajili, na hupotea. Endelea kwenda darasani hadi jibu la maandishi lije. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki hiyo pale ambapo uamuzi wa kiutawala unaathiri haki zako.

Mpwa wangu alijibiwa baada ya wiki tatu. Februari wakfu ukalipa 48,000 za deni la zamani, na Julai akaandika barua ya pili, fupi, ya kuarifu kwamba anarejea. Hiyo wengi huisahau, halafu Septemba wanakuta potali haiwaruhusu kusajili kozi. Yeye alikuta imefunguliwa. Lakini ile 48,000 ya muhula alioahirisha ilikuwa bado imeandikwa kwenye akaunti yake, na aliiondoa siku hiyo hiyo kwa kuonyesha nakala yenye muhuri wa wiki ya nne.