Kufaulu mchujo si kuitwa kwenye mahojiano

"Nimepata 65, alama ya kufaulu ni 50, mbona sijaitwa?" Kila matokeo ya usaili wa mchujo yanapotoka naulizwa hivi, na swali halijaisha muulizaji ameshataja rushwa. Upendeleo upo, na unapotokea upingwe. Lakini 65 peke yake haithibitishi chochote.

Alama ya kufaulu inakutoa tu kwenye kundi la walioanguka. Wanaoitwa kwenye mahojiano huamuliwa na idadi ya nafasi. Tuseme zipo nafasi 4 za uhasibu, na mwajiri ameamua kuita watu 3 kwa kila nafasi, yaani 12. Waliofanya mtihani ni 640, na 200 kati yao wamepata 50 au zaidi. Majina yanapangwa kuanzia alama ya juu, na wa 12 ana 78. Wa 13 na wa 14 nao wana 78. Kwa kuwa wamefungana, kwa kawaida wote huitwa, wanakuwa 14. Mwenye 77 amefaulu na amebaki nje. Mtihani mwingine ukiwa mgumu zaidi, mstari wa kuitwa unaweza kushuka hadi 61. Kwa hiyo anayekuambia kabla ya mtihani kwamba "ukipata 70 utaitwa" anakisia, na akikudai pesa kwa taarifa hiyo, ondoka.

Ukitaka kujua kama umeonewa, tafuta alama ya chini kabisa iliyoitwa kwa kada yako. Angalia pia kama orodha ilitenganishwa kwa vituo vya kazi, au kama kuna nafasi zilizotengwa, kwa mfano za watu wenye ulemavu, kwa sababu kila kundi huwa na mstari wake. Ukikuta mtu wa kundi lako ameitwa akiwa na alama pungufu kuliko zako, hapo una hoja. Andika malalamiko ndani ya muda uliowekwa, ukitaja namba yako ya mtihani na alama zote mbili.

Wengine huamini alama za mchujo lazima zihesabiwe hadi mwisho. Si lazima. Kuna waajiri wanaozijumlisha na za mahojiano, na kuna wanaozitumia kama mlango tu, kisha wote wanaanza upya. Utaratibu huo hutafutwa kwenye tangazo la kazi, na ndiyo maana nasisitiza ulihifadhi siku unayotuma maombi. Dirisha la maombi likifungwa, mara nyingi tangazo linaondolewa.

Tarehe ya mwisho ya maombi nayo haikuambii mtihani ni lini. Ratiba huja baadaye, mara nyingi pamoja na majina ya walioitwa, na inaweza kubadilishwa kwa tangazo jingine. Usikae kusubiri simu. Fungua ukurasa rasmi mara kwa mara, hasa kama umeomba kada mbili, kwa kuwa mitihani yake ikipangwa wakati mmoja, kwa kawaida hakuna mtihani wa marudio kwa ile uliyoiacha.