Mudharaba: hasara ya nani, na faida inahesabiwa lini?

Kila msimu wa mpunga unapokwisha, dawati letu la uzingatiaji wa sharia hapa benki hupokea malalamiko ya aina mbili. Wafanyabiashara wanasema benki imewadai faida waliyokwisha kuila. Wenye akaunti za uwekezaji nao wanauliza kwa nini gawio la robo hii ni dogo kuliko la robo iliyopita. Wote walisaini mkataba wa mudharaba, yaani mmoja anatoa mtaji, mwingine anafanya kazi, na faida inagawiwa kwa uwiano, na wote tunaamini walisaini kwa nia njema. Shida ni kwamba wengi walisoma kifungu kimoja tu, kile kinachosema hasara ni ya mwenye mtaji, wakafunga karatasi.

Tuchukue mfano wa biashara ya mchele, maana ndiyo inayotuletea mafaili mengi. Benki inatoa mtaji wa shilingi 30,000,000 kwa mkataba wa miezi 6. Mfanyabiashara anakwenda Igurusi, wilayani Mbarali, ananunua magunia 125 ya kilo 100 kwa 208,000 kila moja, jumla 26,000,000. Magunia matupu, wapakiaji, ushuru wa halmashauri, lori hadi Dar es Salaam na stoo vinamaliza 4,000,000 zilizobaki. Anauza gunia 272,000, anapata 34,000,000. Faida ni 4,000,000, na uwiano waliokubaliana ni asilimia 60 kwa mfanyabiashara na 40 kwa benki. Anachukua 2,400,000, benki inachukua 1,600,000, na ile 30,000,000 inarudi kazini.

Mzunguko wa pili ananunua kwa bei ileile na gharama zilezile, lakini akifika Dar anakuta soko limejaa. Anauza kwa 216,000, anapata 27,000,000. Mtaji umepungua 3,000,000.

Hapa ndipo ugomvi unapoanza. Mteja anatwambia, “Hasara ni yenu, mkataba umesema. Ile milioni mbili na laki nne ni jasho langu.” Hapana. Mkataba ni mmoja, na faida ya mkataba mmoja haithibiti mpaka mtaji uwe umerudi kamili. Kilichogawiwa baada ya mzunguko wa kwanza kilikuwa malipo ya awali, na neno hilo limo kwenye fomu ya mgao aliyoitia saini. Faida ya kwanza ndiyo inayoziba hasara ya pili. Kwa hiyo mkataba mzima umezaa 1,000,000 tu: 600,000 zake, 400,000 za benki. Yeye anarudisha 1,800,000, benki inarudisha 1,200,000, na mtaji unatimia.

Ingekuwa hasara ya mzunguko wa pili ni 6,000,000, pande zote mbili zingerudisha faida yote, 4,000,000, na zile 2,000,000 zinazopungua zingekuwa za benki peke yake. Mfanyabiashara asingedaiwa hata senti ya pengo hilo. Yeye amepoteza miezi yake 6 ya kazi, na hiyo ndiyo hasara yake. Anayetaka faida ya kila mzunguko iwe yake moja kwa moja aombe mapema hesabu zifungwe kabisa: mali yote iuzwe, madeni yakusanywe, mtaji urudi mkononi mwa benki, kisha mkataba mpya uandikwe. Tunaruhusu, lakini ombi linaletwa kabla ya kununua mzigo unaofuata. Kuleta ombi baada ya bei kuanguka ni kutuchezea.

Sasa tuje kwenye dhamana, kwa kuwa swali hili limetuchosha kidogo. “Kama hasara ni yenu, mbona mmeshika hati ya nyumba yangu?” Hati ile haishikwi kwa ajili ya bei kushuka wala lori kupinduka. Inashikwa kwa mambo matatu: uzembe, kuvuka mipaka, na kuvunja masharti ya mkataba. Likithibiti moja kati ya hayo, mfanyabiashara anaacha kuwa mwaminiwa na anakuwa mdhamini wa mtaji alioupoteza.

Mkataba wetu, kwa mfano, unasema mchele uuzwe kwa fedha taslimu. Tumekuwa na faili la mtu aliyewakopesha wenye maduka magunia 20, wawili wakahama mtaa na simu hazipatikani. Kila gunia lilikuwa limegharimu mtaji 240,000, ukijumlisha bei ya kununulia na gharama. Alilipa 4,800,000, gharama ya mtaji. Faida aliyotarajia kwenye magunia hayo hatukumdai, maana faida ambayo haikupatikana haidhaminiwi. Mvua ingenyesha juu ya mzigo uliofunikwa turubai vizuri, hasara ingekuwa yetu. Kama turubai lilibaki nyumbani, hilo ni faili jingine.

Ndiyo maana tunasisitiza nyaraka, na ninaomba tusieleweke kuwa tunamshuku mtu. Ajali au wizi ukitokea, taarifa ya maandishi itufikie ndani ya siku 7. Iambatane na namba ya RB ya polisi, stakabadhi ya ushuru wa mazao, karatasi ya mizani kama lori lilipita mizani, na picha za mzigo kabla haujahamishwa. Ukiuza, risiti ya EFD kwa kila mauzo. Daftari la mkono tunalipokea kama nyongeza. Peke yake halitoshi. Nauli na malazi ya Igurusi yanaingia kwenye gharama za biashara kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kiambatisho. Kodi ya nyumba, ada za watoto na mshahara unaojilipa mwenyewe haviingii. Malipo yako yamo ndani ya uwiano. Mtu akiziingiza gharama hizo, zinaondolewa kwenye hesabu, na akirudia mkataba unasitishwa.

Kuna pia wanaotuomba tuandike “laki tatu kila mwezi” ili mambo yawe mepesi. Sharti hilo linabatilisha mkataba. Mgao lazima uwe sehemu ya faida yenyewe, uwe nusu, theluthi au asilimia mliyokubaliana. Kiasi maalumu cha fedha, au asilimia ya mtaji, ni riba iliyovaa kanzu.

Kwa wenye akaunti za uwekezaji: kwenu nyinyi mambo yamegeuka. Mwenye mtaji ni wewe, na mtendaji ni benki. Ile asilimia inayotangazwa tawini ni makadirio yanayotokana na vipindi vilivyopita, hakuna aliyekuahidi. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo huenda kwenye murabaha, yaani mauzo ya nyongeza iliyojulikana tangu mwanzo, ambayo hatari yake ni ndogo, ndiyo maana wengi hawajawahi kuona mtaji ukipungua. Lakini kisharia unaweza kupungua, na ukipungua kwa sababu isiyo uzembe wetu, hatuwezi kuufidia kama deni. Asiyetaka hatari hiyo afungue akaunti ya amana, isiyo na gawio.

Mwisho, kusitisha. Upande wowote unaweza kujitoa kabla fedha hazijatumika. Mzigo ukishanunuliwa, mfanyabiashara hawezi kutukabidhi funguo za stoo akaondoka. Anauza kilichopo, anakusanya kinachodaiwa, kisha analeta hesabu pamoja na risiti. Mtaji unatolewa kwanza, kinachobaki juu yake ndicho kinachogawiwa.